Kipeperushi cha warsha ya likizo: mambo ya kusoma kabla ya kutia sahihi

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wazazi wa Msambweni, Kwale, kabla ya likizo ya Agosti)

Karatasi ya rangi ya samawati iliyoko mikononi mwenu ni kipeperushi cha warsha ya watoto ya siku nne. Nimekiandika mimi, kwa hivyo maswali mliyonitumia wiki hii yamenifikia moja kwa moja, na mengi yalikuwa ya haki. Kipeperushi ni ukurasa mmoja tu, nacho hakina nafasi ya kueleza kila neno limewekwa kwa nini. Leo nataka nieleze maneno manne au matano yaliyomo, kisha kila mzazi aamue mwenyewe kama mtoto wake aje au abaki.

Najua likizo ya Agosti inavyokuwa. Wiki tatu, shule zimefungwa, mzazi yuko shambani au kazini, na mtoto wa miaka 10 ana mchana mzima mikononi mwake. Wengine huenda kwa bibi Kinango. Wengine wana madrasa asubuhi. Wengine wanauliza kuhusu masomo ya ziada, nami nawakumbusha kwamba masomo ya ziada wakati wa likizo yamekatazwa katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, hata mwalimu akiyaita jina lingine. Wengi waliobaki huenda panapovuta watoto, na hapa kwetu panapovuta watoto ni majini: ufuoni, mtoni, kwenye mabwawa ya kunyweshea mifugo na kwenye mashimo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua ndefu. Ndiyo sababu warsha hii si ya kuchora wala ya kusuka, ingawa hizo nazo ni nzuri. Ni ya maji.

Sasa neno la kwanza. Juu ya kipeperushi tumeandika "Kuelea na kuokoa", hatukuandika "Kuogelea". Baba mmoja alinipigia akasema, "Kijana wangu tayari anaogelea, mmemwandikia ya watoto wadogo." Nikamwuliza, akichoka akiwa mbali na ufuo, anafanya nini? Akanyamaza kidogo. Watoto wetu wengi wanaosemwa wanajua kuogelea wanajua kurusha mikono kwa nguvu kwa mita 10 au 15 mpaka wafike mahali pa kusimama. Pakikosekana mahali pa kusimama, hawana jambo la pili la kufanya. Kuelea chali ndilo jambo hilo la pili. Mtoto anayeweza kulala juu ya maji kwa dakika chache, uso ukiangalia juu, anapumua na anaweza kuita. Ana muda wa kusubiri mtu.

Nimekaa ufuoni siku zote nne za kundi la Aprili, nikipiga picha na kuandika, nikaona inavyokwenda. Nitawaeleza habari ya binti mmoja wa miaka 10, maana safari yake ilikuwa kama ya wengi.

Siku ya kwanza hakulala juu ya maji hata kidogo. Walisimama katika maji ya kiunoni, wakaanza kwa kupuliza mapovu, mdomo ukiwa ndani ya maji, kisha uso mzima, kisha macho wazi. Mnaweza kuona ni mchezo, lakini mtoto ambaye maji yakimgusa pua anashtuka na kuvuta pumzi hawezi kufundishwa chochote kingine. Mwisho wa siku hiyo alikuwa anaweza kuzamisha uso, kuhesabu hadi tano, na kuinuka bila kujifuta macho kwa hofu.

Siku ya pili mwalimu wake, mama anayejua maji tangu utotoni, alimwekea mkono mmoja chini ya kisogo na mwingine chini ya mgongo. Binti akalala, na papo hapo akainua kichwa atazame vidole vyake vya miguu. Hapo ndipo wengi hukwama. Kichwa kikiinuka, kiuno hushuka, miguu huifuata, na mtoto anajikuta amekaa ndani ya maji badala ya kulala juu yake. Mwalimu hakumwambia "tulia", maana mtoto mwenye hofu haambiwi atulie. Alimwambia, "Masikio ndani ya maji, kitovu kiguse mbingu, na unihesabie nazi za mnazi ule." Akamwambia pia avute pumzi ndefu na aishike kidogo kabla ya kuitoa, kwa sababu mapafu yaliyojaa hewa ndiyo boya la mwili. Mara ya sita au ya saba mkono wa mgongoni ukaondolewa. Mara ya kumi hivi, wa kisogoni.

Halafu wakatumia karibu nusu saa kwa jambo ambalo mimi nisingelifikiria: kusimama tena. Mtoto aliyelala chali akitaka kusimama haraka hutupa miguu chini, kichwa kinakwenda nyuma, na anameza maji mahali ambapo angeweza kusimama wima. Wanafundishwa kukunja magoti hadi kifuani, kusukuma maji kwa viganja kuelekea mbele, mwili ujiinue wenyewe, ndipo miguu ishuke. Binti yetu alirudia hivyo mpaka akaanza kucheka.

Siku ya tatu walijifunza kugeuka. Mtoto anapoanguka majini mara nyingi huanguka kifudifudi, kwa hivyo kuelea chali hakumsaidii kama hajui kutoka tumboni kwenda mgongoni. Siku ya nne walifanya yote kwa mfululizo wakiwa wamevaa nguo za kila siku: kuanguka kutoka ubavuni mwa ngalawa iliyotiwa nanga, kupanda juu, kugeuka, kulala, kuita. Binti huyu alikaa juu ya maji kwa dakika tatu. Katika kundi lake la watoto 12, wawili hawakufika hapo. Waliweza kuelea mwalimu akiwashika kisogo tu. Wazazi wao waliambiwa hivyo waziwazi, na nafasi zao za Agosti zimewekwa.

Nikifika hapa nijibu lile swali zito zaidi nililoulizwa. Mzee mmoja alisema, "Mtoto asiyejua maji anayaogopa. Mkimfundisha, ndiyo mmemfungulia mlango wa kwenda." Sitaki kulipuuza, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mtoto aliyefundishwa mikono na miguu tu, akasifiwa kwamba sasa ni mwogeleaji, anaweza kwenda mbali kuliko uwezo wake. Ndiyo sababu warsha hii haimpi mtoto cheti cha kuogelea wala haimfundishi kwenda mbali. Kila asubuhi inaanza kwa kuonyesha yale ambayo kuelea hakuwezi kufanya. Walimu huwapeleka watoto ukingoni mwa mlango wa mwamba maji yanapotoka, wakiwa nchi kavu, na kutupa kifuu cha nazi. Kifuu kinakwenda kwa kasi ambayo hakuna mtoto wala mtu mzima anayeweza kushindana nayo. Watoto wanakiangalia mpaka kinapotea. Nadhani somo hilo la kifuu linafanya kazi kuliko makatazo yetu mengi ya nyumbani.

Na kuna jambo kwa wale ambao watoto wao wanakwenda Kinango au Lunga Lunga kwa bibi. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji matamu. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, na lita ya maji ya bwawa ni gramu 1,000. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa mtoto wa kilo 30 ni sawa na kumwongezea karibu robo tatu ya kilo. Mtoto aliyeelea vizuri hapa ufuoni, mdomo wake ukiwa juu kabisa, atajikuta bwawani maji yanamfikia pembeni mwa midomo. Akishtuka, akainua kichwa, mnajua sasa kiuno kinafanya nini. Isitoshe, kingo za mabwawa ni udongo wa mfinyanzi unaoteleza, na mtoto hawezi kupanda atoke. Kwa hivyo mwambieni bibi kwamba mtoto amejifunza kuelea baharini, na kwamba bwawani bado ni mgeni.

Neno la pili ni saa. Wengi wamelalamika, na mwenyekiti wa madrasa alikuja ofisini mwenyewe. Kipeperushi kinasema Jumatatu tunaanza saa mbili asubuhi, Jumanne saa tatu kasoro dakika kumi, Jumatano saa nne kasoro dakika kumi, na Alhamisi saa tano. Mtu akasema kaunti haijui kupanga ratiba. Wavuvi waliokaa pale nyuma wameshaanza kutabasamu, kwa sababu wanajua ratiba hii si ya kaunti.

Tumechagua wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, hapa kwetu maji hupwa sana kiasi cha saa nne asubuhi. Mtu anatembea kwa miguu karibu hadi mwambani, na mahali pa kumlaza mtoto juu ya maji hakuna. Yakianza kurudi yanarudi kwa nguvu, na maji yaliyokuwa ya magotini yanakuwa ya kifuani upesi. Siku za maji mafu bahari haipandi sana wala haishuki sana, na maji ya kiunoni hubaki karibu pale pale kwa saa mbili. Asubuhi za siku hizo ndipo yanapojaa na kusimama. Tunaanza saa moja kabla hayajasimama na kumaliza saa moja baada ya hapo, wakati mkondo ni hafifu kabisa. Lakini kila siku kujaa huchelewa, kwa kawaida dakika 50 hivi, na siku za maji mafu huchelewa zaidi, hata kupita saa nzima. Ndiyo hizo saa zenu zinazohama.

Kwa upande wa madrasa, tumekubaliana na maustadhi kwamba watoto wa warsha Jumatatu na Jumanne watasoma alasiri. Siku mbili za mwisho wanasoma asubuhi mapema, kisha wanakuja. Na kwa kuwa Agosti ni kusi, upepo ukiwa mkali na mawimbi yakivuka mwamba, siku hiyo hakuna kuingia majini. Bendera nyekundu itatundikwa kwenye banda la samaki saa moja kabla ya muda wa kuanza. Mkiiona, watoto waje hata hivyo. Kuna kazi ya nchi kavu, nayo naifikia sasa.

Kazi hiyo ni kuokoa, na kwangu hii ndiyo nusu kubwa ya warsha. Watoto mara nyingi huwa majini wakiwa wawili au watatu. Mmoja akizidiwa, mwenzake anaruka kumsaidia, anakumbatiwa shingo, na wanazama wote wawili. Kwa hivyo watoto wanafundishwa kutoruka. Wanafundishwa kulala kifudifudi ukingoni na kunyoosha mti au upondo. Kama ni mbali, wanarusha kitu kinachoelea. Kitu chetu ni mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia wa lita 5, kifuniko kimefungwa kwa nguvu, na kamba imefungwa kwenye mkono wake. Ndiyo maana kipeperushi kinasema kila mtoto aje na mtungi wa lita 5. Akina mama kadhaa waliuliza kama ni wa kubebea maji ya kunywa. Hapana. Ukikumbatiwa kifuani, mtungi huo unatosha kushikilia kichwa cha mtu juu ya maji. Tia maji kidogo ndani, kikombe kimoja hivi, maana mtungi mtupu kabisa hupeperushwa na upepo na haufiki unakourusha. Baada ya warsha mtoto anarudi nao nyumbani na kamba yake. Ukiwa na kisima au bwawa karibu, utundike hapo.

Pia wanafundishwa kumtambua anayezama, na hili nawaomba na nyinyi mlisikie. Sisi tunangoja kelele. Frank Pia, mwokoaji wa ufuoni huko Marekani, alipiga filamu za watu waliokuwa wakizama, akaonyesha kwamba mtu anayezama kweli kwa kawaida haiti wala hapungi mkono. Hawezi. Mdomo wake unazama na kuibuka, na ukiibuka una muda wa kuvuta hewa tu, si wa kupiga yowe. Mikono inasukuma maji kwa pembeni kama anayetaka kupanda ngazi. Mwili uko wima, miguu haipigi, kichwa kimelala nyuma, nywele pengine zimefunika macho. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha anatoweka. Watoto wanaocheza majini wana makelele. Mmoja wao akinyamaza ghafla, mwite jina. Asipojibu, usingoje.

Alhamisi, saa moja ya mwisho, wazazi mnakaribishwa. Muuguzi wa kituo cha afya ataonyesha cha kufanya mtoto akitolewa majini hapumui. Sitaeleza hapa yote kwa maneno, maana hujifunzwa kwa mikono. Nitasema tu kwamba kumning'iniza mtoto miguu juu, au kumbonyeza tumbo maji yatoke, hakumsaidii na kunapoteza dakika zake. Kilichomkosa ni hewa, basi kinachoanza ni pumzi ya mdomo kwa mdomo, kisha kubonyeza kifua, na mtu mwingine akimbilie gari.

Neno la tatu ni mavazi na makundi. Wasichana wako peke yao, upande wa kusini wa ufuo, na walimu wao ni wanawake. Wavulana wako kaskazini. Kila kundi lina watoto 12, walimu watatu majini, na mtu mmoja ambaye hafundishi: kazi yake ni kusimama nchi kavu na kuhesabu vichwa. Ukimwona anazungumza na simu, una ruhusa yangu kumchukua mtoto wako na kuondoka. Nguo ndefu zinaruhusiwa, lakini dera na buibui haziruhusiwi majini, kwa sababu kitambaa kipana kikilowa kinazunguka miguu na kuivuta chini. Suruali ndefu ya kubana, shati la mikono mirefu lisilo pana, na mtandio uliofungwa nyuma ya kichwa bila ncha za kuning'inia, hizo zinatosha na stara imehifadhiwa.

Walimu wote wametoa cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, na nakala ziko ofisini kwa yeyote anayetaka kuziona. Hakuna mtoto atakayeachwa na mtu mzima mmoja peke yake, iwe kubadilisha nguo au kwenda chooni.

Sasa ile fomu nyuma ya kipeperushi. Sehemu ya afya, tafadhali msiandike "mzima" kwa mazoea. Kifafa, pumu, ugonjwa wa moyo, sikio linalotoa usaha, kidonda kibichi: tuambieni. Kifafa hakimfungii mtoto mlango, lakini atakuwa na mwalimu wake mwenyewe asiyemwachia hata hatua moja, na lazima tujue mapema kwa sababu walimu ni wachache. Mtoto wa sikio linalotoa usaha hataingiza kichwa majini. Atafanya kazi ya kamba na mtungi.

Halafu kuna kisanduku cha picha. Hiki kinanihusu mimi, maana mpiga picha ni ofisi yangu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia habari za mtoto, na picha ni mojawapo. Ukitia alama "hapana", mtoto wako atavaa utepe wa njano mkononi nami sitampiga picha. Hatapoteza nafasi yake wala uji wake. Katika kundi la Aprili tepe za njano zilikuwa saba, na gazeti likatoka bila shida. Kwa wasichana, hata waliokubaliwa, tunapiga picha za nchi kavu tu.

Warsha ni bure. Umri ni miaka 8 hadi 13. Nafasi ni 24, mbili zimeshachukuliwa na wale watoto wa Aprili. Fomu zinarudishwa kwa msimamizi wa wadi kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, na cheti cha kuzaliwa hakihitajiki. Watoto wakizidi nafasi, tunaanza na wanaoishi karibu zaidi na maji, kisha wengine wanaandikwa kwa likizo ya mwisho wa mwaka, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia. Mtoto aje amekula chakula chepesi, na mtungi wake, kamba ya mita 10, nguo za kubadilisha na mtu mzima wa kumchukua, ambaye jina lake limeandikwa kwenye fomu. Asiyeandikwa hatakabidhiwa mtoto, hata akiwa mjomba tunayemfahamu sote.

Nina fomu 30 hapa mezani. Wavuvi wenye maswali kuhusu ile ngalawa ya Alhamisi, naomba mbaki kidogo, maana bado tunatafuta ya pili.